Sekunde Nane: Mwanzo, Tendo Moja na Mwisho

Klipu fupi sana ni video ambayo urefu wake umeamuliwa kabla ya kamera kuwashwa: sekunde sita, nane, kumi au kumi na tano. Tangazo la sekunde sita linalotangulia video za YouTube, lililoanza kuuzwa mwaka 2016, haliruhusiwi kuongeza hata sekunde moja. Stetasi ya WhatsApp nayo kwa miaka mingi ilikata video kila zilipotimia sekunde 30. Mtengenezaji wa klipu ya namna hii hapangi muda kulingana na kisa. Muda ameshapewa, na kazi yake ni kukipanga kisa kitoshe humo, kikiwa na mwanzo unaoeleweka, tendo moja linalokamilika, na mwisho ambao mtazamaji anautambua kuwa ni mwisho.

Klipu nyingi hushindwa kwa njia moja. Mwanzo hula muda mwingi, tendo huja kwa haraka, na mwisho hukatwa. Mtazamaji anaona mtu anafika, anaona mikono inaanza kufanya kitu, kisha video inaisha. Dawa yake ni kubadili utaratibu wa kupanga. Tendo hupimwa kwanza, mwisho hutengewa nafasi yake, na mwanzo hupewa kile kinachobaki.

Tendo moja ni lipi

Tendo moja ni badiliko moja la hali ambalo jicho linaweza kulishuhudia. Kitu kilikuwa kimefungwa, sasa kimefunguliwa. Kilikuwa kimesimama, sasa kimeanguka. Njia rahisi ya kulipima ni kukiandika kisa chote kwa sentensi yenye kitenzi kikuu kimoja. Sentensi ikidai “kisha”, “halafu” au “baada ya hapo”, basi matendo yamekuwa mawili na moja lazima liondoke.

Mfano wa zamani wa jambo hili ni filamu ya ndugu Lumière inayojulikana kwa Kifaransa kama L'Arroseur arrosé, iliyopigwa mwaka 1895 na kuoneshwa Paris tarehe 28 Desemba mwaka huo. Mkanda wao ulikuwa na urefu wa mita 17 hivi, na kwa kasi ya kuzungusha mashine kwa mkono ulikwisha chini ya dakika moja. Mtunza bustani anamwagilia maji kwa mpira. Kijana anaukanyaga mpira kwa nyuma, maji yanakatika. Mtunza bustani anachungulia mdomo wa mpira, kijana anaondoa mguu, maji yanamrukia mzee usoni. Hapo mzee anamkimbiza kijana, anamkamata, anamrudisha mahali pale pale mbele ya kamera na kumchapa. Kamera haikusogea, na mkanda haukuwa na nafasi ya kupotezwa kwa kuwafuata wawili hao nje ya picha. Kwa hiyo mwisho uliletwa mahali ambapo mtazamaji alikuwa tayari anatazama.

Dakika nzima inabeba utani ule wenye hatua kadhaa. Sekunde nane hazibebi. Katika sekunde nane, kisa kile kingebaki na hatua moja tu: mzee anachungulia mpira, maji yanamrukia, anafuta uso. Kijana angeonekana tangu picha ya kwanza akiwa ameshaukanyaga mpira, na mbio zote zingeachwa.

Kupima tendo kabla ya kupanga

Watu hukadiria vibaya muda wa kazi za mikono. Kufunga kamba ya kiatu huonekana kuwa kazi ya sekunde mbili, lakini saa ikishikwa hupita sekunde tano au zaidi. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kumtazama mtendaji akifanya kazi yake mara kadhaa kwa mwendo wake wa kawaida, huku saa ya simu ikihesabu. Kinachopimwa ni tendo lenyewe, kuanzia mkono unapoanza kusogea hadi badiliko linapoonekana. Maandalizi na usafi wa baadaye havihesabiwi.

Tuchukue kazi inayofahamika katika miji ya pwani: muuza madafu anamfungulia mteja dafu. Klipu inatakiwa iwe ya sekunde nane. Kazi nzima, kuanzia kuchagua dafu kwenye lundo hadi mteja kumaliza maji na kula nyama ya ndani, huchukua dakika kadhaa. Ndani yake mna matendo mengi: kuchagua, kuchonga, kufungua, kunywa, kupasua, kuchokoa nyama kwa kijiko kilichochongwa kwenye kumbi lenyewe. Kwa klipu hii linachaguliwa tendo moja, kufungua, na sentensi yake ni hii: muuzaji anafungua dafu kwa panga.

Sasa tendo linapimwa. Tuseme muuzaji anachonga kumbi kwa mapigo manane, takriban pigo moja kwa sekunde, huku mkono wa kushoto ukilizungusha dafu. Kisha pigo la mwisho linakata ncha ya juu na tundu linaonekana. Jumla ni sekunde tisa au kumi. Hapo tatizo linajidhihirisha mapema: tendo peke yake ni refu kuliko klipu, hata kabla ya mwanzo na mwisho kuhesabiwa.

Kuna njia tatu za kulipunguza, na hazilingani kwa ubora. Ya kwanza ni kumwambia muuzaji afanye haraka. Hiyo ni mbaya, kwa sababu mkono wenye haraka hupoteza mdundo wake wa kawaida, na kwenye panga ni hatari. Ya pili ni kuongeza kasi ya video. Mawingu au maandazi yanayoumuka hustahimili jambo hilo, lakini mwili wa binadamu ukiharakishwa huchekesha, na sauti yake huharibika. Ya tatu ni kuacha yanayojirudia. Kati ya mapigo manane ya kuchonga, pigo la tatu, la nne na la tano humwambia mtazamaji jambo lile lile. Yakibaki pigo la kwanza, moja la katikati na lile la mwisho linalofungua, mtazamaji hujijazia mengine bila kuhisi kwamba ameibiwa kitu.

Mwisho hutengewa nafasi kabla ya mwanzo

Mwisho ni picha inayothibitisha kwamba badiliko limetokea. Kwa dafu, ni tundu lililofunguka, maji yakionekana, na muuzaji akilinyoosha kwa mteja. Mteja akianza kunywa, hilo ni tendo la pili, na klipu ingebidi ikatwe akiwa katikati ya funda. Mkono wa mteja unaolipokea dafu unatosha. Klipu kuhusu kunywa ingekuwa nyingine kabisa, nayo ingeanza dafu likiwa limeshafunguliwa.

Mwisho una sehemu mbili. Kwanza matokeo yaonekane, kisha picha itulie. Utulivu huo ndio hukatwa mara nyingi, kwa kuwa mhariri aliyekwisha kuitazama klipu mara ishirini anauona kama muda mtupu. Mtazamaji wa mara ya kwanza anauhitaji. Jicho lake limetoka kufuata panga, sasa lazima lihamie kwenye tundu, litambue maji, lielewe kwamba kazi imekwisha. Hilo huhitaji takriban sekunde moja ambayo ndani yake hakuna kitu kipya kinachoanza. Mkono ukianza kusogea kuelekea dafu jingine katika nusu sekunde ya mwisho, mtazamaji ataona mwanzo wa tendo ambalo hatalimaliza, na klipu yote itaonekana imekatika.

Sababu nyingine ya kuulinda mwisho ni namna simu zinavyoonesha video fupi. Klipu ikiisha, ama inaanza upya papo hapo, ama inayofuata inaingia bila nafasi. Vine, iliyofunguliwa mwaka 2013 kwa video za sekunde sita zilizojirudia zenyewe, iliwazoesha watengenezaji jambo hili: picha ya mwisho hugongana na picha ya kwanza. Mwisho usiotulia huchanganyika na mwanzo, na mtazamaji hajui kisa kiliishia wapi. Wapo wanaotaka mchanganyiko huo makusudi, ili mzunguko usionekane mahali ulipounganishwa. Njia hiyo hufaa kwa mwendo usio na kikomo, kama gurudumu la mfinyanzi linalozunguka. Haifai kwa tendo lenye matokeo, kwa sababu dafu lililofunguliwa haliwezi kugeuka kuwa zima bila mtazamaji kushtuka.

Mwanzo hupewa kilichobaki

Mwanzo una kazi mbili tu: kuonesha nani yuko na nini, na kuonesha kwamba jambo linakaribia kutokea. Kazi ya kwanza hufanywa na mpangilio wa picha. Muuzaji, panga, dafu na lundo la madafu nyuma yake vikiwa katika picha moja, mtazamaji anajua yuko wapi bila maelezo. Kwa hiyo haifai kuanza na picha ya barabara, halafu picha ya baiskeli, halafu uso wa muuzaji. Hizo zote ni za klipu ya dakika moja.

Kazi ya pili hufanywa na ishara ya nia. Kabla ya kutenda, mtu huangalia anachotaka kukigusa, hurekebisha mshiko, hurudisha mkono nyuma kidogo. Wachoraji wa katuni huichora ishara hii makusudi, kwa sababu tendo lisilotanguliwa na maandalizi humpita mtazamaji. Kwa muuza madafu, ishara ni macho kushuka kwenye dafu na panga kupanda. Ishara hiyo huchukua kama nusu sekunde, na klipu inaweza kuanzia karibu kabisa na hapo. Sekunde moja na nusu inatosha: sekunde moja ya kutambua mahali na mtu, nusu sekunde ya panga kupanda.

Kosa la kinyume lipo pia. Klipu inayoanza panga likiwa tayari linashuka humkuta mtazamaji hajatulia. Kwenye simu, alikuwa anatazama kitu kingine nusu sekunde iliyopita. Pigo la kwanza litakuwa limepita kabla hajajua ni nini kilichopigwa.

Hesabu ya sekunde nane

Simu nyingi hupiga fremu 30 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde nane ni fremu 240. Kwa klipu ya dafu, mgawanyo unakuwa hivi. Mwanzo unachukua sekunde 1.5, yaani fremu 45: picha ya kiuno hadi kichwa, dafu katika mkono wa kushoto, macho yanashuka, panga linapanda. Tendo linachukua sekunde nne, fremu 120. Mwisho unachukua sekunde 2.5, fremu 75.

Ndani ya zile sekunde nne, pigo la kwanza linapewa sekunde moja, nalo linaanza katika picha ile ile ya mwanzo ili mtazamaji asihamishwe mapema. Kisha picha inahamia karibu, mikono na dafu tu, kwa pigo la katikati: sekunde 1.5, kwa kuwa hapa kuna panga kupiga na dafu kuzungushwa, na mzunguko ule ndio unaomwambia mtazamaji kwamba kazi imeendelea pande zote. Pigo la mwisho linachukua sekunde 1.5 nyingine katika picha hiyo hiyo ya karibu, hadi kipande cha juu kinapobanduka na matone kuruka. Ile dosari ya kuruka kutoka pigo moja hadi jingine katika picha ya karibu hufichwa na mzunguko wa dafu: mkato unawekwa wakati dafu linageuka, si wakati limetulia.

Mwisho unaanzia hapo hapo. Sekunde moja inaonesha tundu na maji yakitikisika. Nusu sekunde, dafu linanyooshwa mbele na mkono wa mteja unaingia kutoka upande. Sekunde ya mwisho, mikono miwili imelishika dafu na hakuna kinachosogea isipokuwa maji.

Mgawanyo huu si kanuni ya kila klipu. Tendo la ghafla, kama puto kupasuka, huchukua sehemu ndogo ya sekunde, na hapo muda mwingi huenda kwenye mwanzo unaojenga matarajio na mwisho unaoonesha uso wa aliyeshtuka. Tendo la polepole, kama chai kumiminwa hadi ukingoni mwa kikombe, huomba zaidi ya nusu ya klipu. Kisichobadilika ni kwamba mwisho hauteremki chini ya sekunde moja hata klipu ikiwa ya sekunde sita.

Kupiga picha kwa ajili ya mkasi

Klipu ya sekunde nane haipigwi kwa sekunde nane. Kamera huwashwa sekunde tatu au nne kabla ya tendo na kuachwa ikiendelea kiasi hicho baada yake, maana mhariri anaweza kukata kilichozidi lakini hawezi kuongeza kisichokuwepo. Upungufu wa mwisho huanzia hapa: mpigaji, akiona dafu limefunguka, hubonyeza kitufe cha kuzima, na tikisiko la kidole linaingia ndani ya ile sekunde ya utulivu iliyohitajika.

Picha mbili za klipu ya dafu, ya mbali na ya karibu, zinahitaji madafu mawili au zaidi. Dafu la kwanza linapigwa kwa picha ya mbali kuanzia mwanzo hadi mwisho. La pili linapigwa kwa picha ya karibu, nalo pia kuanzia mwanzo hadi mwisho, muuzaji akisimama pale pale na kushika panga kwa mkono ule ule. Kamera ikisogea karibu, isogee pia upande kidogo. Picha mbili zinazofanana mno kwa pembe na ukubwa zikiunganishwa, muuzaji huonekana kama ameruka.

Mkato kutoka picha ya mbali kwenda ya karibu huwekwa wakati panga liko njiani. Jicho likifuata mwendo halishughuliki na mkato. Panga likiwa limesimama, mkato huonekana wazi, na kila mkato unaoonekana humpotezea mtazamaji sehemu ya sekunde akijipanga upya. Katika klipu ya sekunde nane, mikato miwili ya namna hiyo inatosha kumfanya ahisi haraka ambayo haimo katika tendo.

Sauti husaidia kubana muda. Mlio wa panga kwenye kumbi unaweza kuanza kusikika kabla picha ya karibu haijaingia, na mlio wa pigo la mwisho, ambao hubadilika panga linapokata hadi ndani, humwambia mtazamaji kwamba tendo limefika mwisho hata kabla hajaona tundu. Muziki ukiwekwa juu ya kila kitu, alama hiyo inapotea.

Maneno ni mzigo wa ziada. Maandishi yakiwekwa juu ya picha, mtazamaji huacha kutazama tendo ili asome. Kipimo rahisi ni kuyasoma kwa sauti, polepole, mara mbili: yakizidi muda yanaokaa kwenye kioo, ni marefu. Kwa klipu hii, maneno mawili au matatu yanatosha, nayo yanafaa kuja katika sekunde ya mwisho, picha inapotulia, si juu ya panga linaloshuka.

Kujua kama klipu imekaa

Mhariri hawezi kujipima mwenyewe, kwa sababu anajua kitakachotokea. Kipimo cha kuaminika ni mtu ambaye hajaiona klipu. Anaoneshwa mara moja tu, kisha anaulizwa nini kimetokea. Jibu lake huelekeza mahali pa kurekebisha.

Akisema “jamaa alikuwa anakata kitu”, mwanzo haukumwonesha dafu vizuri, au ulikuwa mfupi mno. Akisema “alikuwa anafungua dafu, sijui kama alifungua”, mwisho umekatwa mapema, na sekunde zinatakiwa zitolewe kwenye mapigo ya kati. Akiomba kurudia huku akisema imekwenda mbio, mara nyingi kasi si tatizo bali idadi ya picha: mkato mmoja ukiondolewa, klipu ile ile yenye urefu ule ule huonekana imetulia. Akianza kutazama pembeni kabla haijaisha, tendo lilishakamilika machoni pake na kilichobaki ni ziada. Hapo kinachopunguzwa kwanza ni yanayojirudia.

Kipimo cha pili ni kuitazama bila sauti, kisha kuisikiliza bila picha. Bila sauti, sehemu zote tatu zinatakiwa zitambulike. Bila picha, badiliko la mlio linatakiwa lisikike mahali tendo linapokamilika. Kama picha inasema kazi imekwisha na sauti bado inaendelea na mapigo, mtazamaji atahisi mwisho una kasoro bila kujua iko wapi.

Kuna matendo ambayo hayakubali sekunde nane kwa hila yoyote. Kusuka ukili, kukanda unga hadi ulainike, au kupika pilau ni kazi ambazo badiliko lake limesambaa kwenye muda mrefu, na hakuna sekunde moja inayoweza kusemwa kwamba ndipo lilipotokea. Kwa kazi za aina hiyo huchaguliwa tendo dogo lililo ndani yake na lenye kikomo: sufuria ya pilau inafunuliwa na mvuke unapanda, au ncha ya mwisho ya ukili inafungwa fundo. Pasipo na tendo dogo la namna hiyo, kazi hiyo inahitaji klipu ndefu zaidi.